FCA, CIP au DAP: bei tatu za kumwandikia mnunuzi wa mawe ya Tabaka aliyeko Hamburg

Mnunuzi wa ng'ambo akikuandikia "mzigo wote ni pesa ngapi?", kuna maswali mawili yamejificha humo. La kwanza ni: pesa ngapi hadi wapi? La pili ni: ukivunjika njiani, hasara ni ya nani? Ukimjibu kwa tarakimu tupu, yeye ataamini bei inafika mlangoni kwake, na wewe utaamini inaishia Mombasa. Mtagundua tofauti hiyo siku mzigo umefika bandarini na hakuna anayetaka kulipa ghala.

Hapa ninalinganisha masharti matatu ya uwasilishaji, FCA ya kukabidhi mzigo kwa msafirishaji, CIP ya kulipia nauli na bima, na DAP ya kufikisha mlangoni, ambayo muuzaji wa Kisumu, Kisii au Nakuru anaweza kuyatoa bila kujiumiza, kisha naweka barua pepe yenyewe. Mfano wangu ni vinyago na bakuli za mawe ya sabuni kutoka Tabaka, Kaunti ya Kisii, vinavyokwenda kwa dada mmoja mwenye duka Hamburg. Ni Mkenya, kwa hiyo tunaandikiana kwa Kiswahili, lakini nyaraka zote za mzigo ni za Kiingereza kama kawaida. Bei za dola nilizotumia ni za mfano, ili hesabu ionekane. Zako utazipata kwa wakala wako wiki hiyo hiyo unayoandika, maana nauli ya meli haitulii.

Mzigo wenyewe

Kreti 6 za mbao, kila moja sentimita 90 kwa 70 kwa 60, uzito wa kilo 430. Jumla ni mita za ujazo 2.27 na tani 2.58. Hazijazi kontena, kwa hiyo zinakwenda pamoja na mizigo ya watu wengine ndani ya kontena moja. Mkusanyaji wa mizigo hutoza kwa kipimo kilicho kikubwa zaidi kati ya mita za ujazo na tani. Kwa vikapu au nguo, ujazo ndio unaoshinda. Kwa jiwe, tani ndiyo inayoshinda. Nauli ikiwa dola 95 kwa kipimo, utalipa 2.58 mara 95, yaani kama dola 245, wala si 215 ulizopata kwa kupima kreti kwa futi kamba. Kwa hiyo usitoe bei kabla kreti hazijapanda mizani. Vinyago vya Tabaka hupigwa msasa ndani ya maji, na vikifungwa kabla ya kukauka, gazeti la kuvifungia hunatana na jiwe na uzito unapanda bure.

Ukiwa umefungwa ndani ya kreti, bado uko karakana, mzigo una thamani ya dola 5,400. Kuanzia hapo kila hatua inaongeza kitu: lori hadi Mombasa, karibu kilomita 800, dola 390, wakala wa forodha na cheti cha uasili kiitwacho EUR.1, 160, ghala na bandari ya Mombasa, 130, nauli ya meli, 245, bima, 55. Hamburg napo kuna dola 420 za bandari, kufungua kontena na makaratasi, 120 za wakala wa forodha wa Ujerumani, na 180 za lori hadi dukani.

Masharti niliyoyaacha nje

Masharti haya yanatoka kwenye Incoterms 2020, kanuni 11 za Chama cha Kimataifa cha Biashara kilichoko Paris, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Nane nimeziacha, na nne kati ya hizo utaombwa sana, kwa hiyo zina haki ya kuelezwa.

EXW inaonekana tamu kwa muuzaji: njoo uchukue Tabaka, mimi sina neno. Lakini kwa EXW, kazi ya kutoa mzigo kwenye forodha ya Kenya ni ya mnunuzi. Dada wa Hamburg hana PIN ya KRA wala njia ya kuingiza tamko la usafirishaji nje, na mimi nahitaji ushahidi kwamba mzigo umetoka nchini ili mauzo yangu yahesabiwe VAT ya asilimia sufuri. Mwishowe mimi ndiye ninayeifanya kazi hiyo, ila bila malipo.

DDP ni kinyume chake: muuzaji analipa karibu kila kitu, pamoja na VAT ya Ujerumani ya asilimia 19. Dada huyo amesajiliwa kwa VAT huko, kwa hiyo akilipa yeye ataidai irudishwe. Nikilipa mimi, nisiyesajiliwa, pesa hiyo inakuwa gharama kamili. Hapana.

FOB, bei hadi mzigo upande meli, na CIF, bei yenye nauli ya meli na bima, ndizo zinazotajwa na kila mtu, na wakala wako wa Mombasa huenda akakushangaa ukizikataa. Kanuni zenyewe zinasema ni za mizigo inayowekwa moja kwa moja melini. Kwa FOB, hatari ya hasara inabaki kwangu hadi kreti ipande meli. Lakini mimi nimekabidhi kreti kwenye CFS, yaani ghala la makontena nje ya bandari, siku kadhaa kabla ya meli. Dereva wa folklifti akiangusha kreti ndani ya ghala ambalo siruhusiwi kuingia, chini ya FOB hasara ni yangu. Chini ya FCA hatari ilihama nilipokabidhi. CIF ina kasoro hiyo hiyo, na ya pili kubwa zaidi kwa jiwe, nitakayoieleza kwenye bima.

Nani analipa nini

| Gharama (mfano, dola) | FCA Mombasa | CIP Hamburg | DAP dukani |
|---|---|---|---|
| Mzigo ndani ya kreti, 5,400 | muuzaji | muuzaji | muuzaji |
| Lori Tabaka–Mombasa, 390 | muuzaji | muuzaji | muuzaji |
| Forodha ya Kenya na EUR.1, 160 | muuzaji | muuzaji | muuzaji |
| CFS na bandari Mombasa, 130 | mnunuzi | muuzaji | muuzaji |
| Nauli ya meli, 245 | mnunuzi | muuzaji | muuzaji |
| Bima, 55 | mnunuzi akitaka | muuzaji, lazima | muuzaji akitaka |
| Bandari na ghala Hamburg, 420 | mnunuzi | mnunuzi | muuzaji |
| Forodha ya Ujerumani, 120 | mnunuzi | mnunuzi | mnunuzi |
| VAT ya Ujerumani | mnunuzi | mnunuzi | mnunuzi |
| Lori hadi dukani, 180 | mnunuzi | mnunuzi | muuzaji |
| Kushusha mlangoni | mnunuzi | mnunuzi | mnunuzi |
| Bei ninayoandika | 5,950 | 6,380 | 7,130 |
| Hatari inahama wapi | CFS Mombasa | CFS Mombasa | mlangoni, kabla ya kushusha |

Neno "muuzaji" kwenye jedwali halina maana kwamba ninatoa mfukoni mwangu. Gharama hiyo imo ndani ya bei. Mnunuzi ndiye anayelipa yote mwisho wa siku. Tofauti ni nani anayejadiliana na kampuni ya usafirishaji na nani anayeshtukizwa. Kwenye DAP nimeongeza dola 150 kwa sababu siwezi kujua kwa hakika ankara ya Hamburg itasemaje.

Tazama mstari wa mwisho tena. FCA na CIP zina bei mbali mbali, lakini hatari inahama mahali pamoja. Wanunuzi wengi huamini kwamba kwa kuwa nimelipa nauli hadi Hamburg, mzigo ni jukumu langu hadi Hamburg. Sivyo. Katika CIP ninanunua safari na bima. Mwenye mzigo baharini ni yeye. Hili lazima liandikwe kwenye barua kwa maneno ya wazi.

FCA: inafaa mnunuzi mwenye wakala wake

Katika FCA ninaleta kreti hadi CFS ambayo wakala wake ameitaja, zikiwa zimeshatoka kwenye forodha ya Kenya, juu ya lori langu. Kushusha kutoka kwenye lori ni kazi ya upande wake. Inaonekana jambo dogo, mpaka lori lisimame getini nusu siku kwa sababu hakuna aliyelipia folklifti ya kunyanyua kilo 430. Mahali pa makabidhiano pakiwa karakana yangu, mambo yanageuka: hapo mimi ndiye ninayepakia kwenye lori lake. Kwa hiyo kuandika "FCA Kenya" hakutoshi. Taja ghala na barabara.

Uzuri wa FCA kwa mnunuzi ni kwamba nauli na gharama za Hamburg zinatoka kwa mtu mmoja, anayemtegemea kwa biashara ya kesho. Ubaya wake kwangu ni makaratasi. Wakala ni wake, kwa hiyo hati ya shehena, ile BL, inaandikwa kwa maagizo yake. Mara nyingi ninachopewa ni risiti tu ya kupokea mzigo, na mzigo unaweza kutolewa Hamburg kabla sijalipwa shilingi.

Dawa zipo mbili. Incoterms 2020 imeongeza kifungu ndani ya FCA: tukikubaliana, mnunuzi humwagiza msafirishaji wake anipe mimi hati ya shehena yenye maandishi kwamba mzigo umepanda meli. Hiyo husaidia hasa pale benki inapohusika. Kwa mzigo wa dola elfu sita mimi huchagua njia fupi: asilimia 40 kabla ya kuchonga, na salio lote baada ya picha za kreti na tiketi ya mizani, kabla lori halijaingia CFS.

CIP: inafaa asiye na wakala, lakini soma ankara ya mwisho kwanza

CIP ni ndugu wa CIF aliyetengenezewa makontena. Tofauti inayogusa jiwe ni bima. CIF inamlazimu muuzaji kununua bima ya kiwango cha chini tu, vifungu C vya bima ya shehena. Hivyo hulipia majanga makubwa: moto, meli kuzama, kukwama au kugongana. Kinyago cha twiga kilichovunjika shingo kwa sababu kreti ilitupwa hakimo. Kuibwa hakumo. Kwa mzigo wa mawe, bima ya C ni karatasi tu. CIP ya 2020 inadai vifungu A, vinavyolipia hasara ya ghafla ya aina yoyote isipokuwa iliyotajwa kutolipiwa, na kwa thamani ya asilimia 110 ya bei. Kwetu hapa ni 6,380 mara 1.1, yaani dola 7,018.

Kati ya yale yasiyolipiwa, mawili yana uzito. Vita ni bima ya kando, na mnunuzi akiitaka anailipia yeye. Tangu meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, swali hili si la kupuuzwa. La pili ni ufungaji mbaya. Kampuni ya bima ikionyesha kwamba vinyago viligusana ndani ya kreti bila kitu katikati, haitalipa. Ndiyo maana ninapiga picha kila tabaka la kreti kabla ya kifuniko, kipimo cha mkanda kikionekana.

Sasa mtego wa CIP, ambao CIF nayo inao. Wakusanyaji wa mizigo hushindana kwa nauli ya Mombasa kwa sababu mimi ndiye ninayechagua, na mimi naangalia nauli tu. Nauli inashushwa hadi haina faida, kisha mwenzao wa Hamburg anaifidia kwenye gharama za huko, ambazo analipa mtu ambaye hakuchagua. Ndiyo ile dola 420. Wakala wa dada mwenyewe alitoa nauli ya 340, iliyoonekana ghali, lakini gharama zake za bandari na ghala Hamburg ni 210. Ukijumlisha kila kitu bila VAT, kwa CIP yangu angelipa 7,100. Kwa FCA na wakala wake angelipa 6,985. Nauli ya bei rahisi ndiyo iliyomgharimu zaidi.

Utaujuaje mtego mapema? Mwombe mkusanyaji orodha ya maandishi ya gharama za bandari ya kufikia, kwa uzito wako, kabla hujakubali nauli. Akisema "watajua huko huko," tafuta mwingine. Na orodha hiyo mpelekee mnunuzi ndani ya barua ya bei.

Jambo moja la kiufundi: ukikodi lori la kampuni nyingine kutoka Tabaka bila kutaja mahali pa makabidhiano, CIP inaweza kusomwa kwamba hatari imehama kwa mbebaji wa kwanza, yaani palepale Tabaka. Mnunuzi mwenye mwanasheria atakataa, na ana haki. Andika sehemu mbili: makabidhiano ni CFS Mombasa, mwisho wa nauli ni Hamburg.

DAP: raha ya mnunuzi, kukosa usingizi kwako

Kwa DAP hatari ni yangu hadi lori lisimame mbele ya duka. Kreti ikifika imepasuka, mimi ndiye ninayedai bima na yeye hatakiwi kulipia kilichovunjika. Mnunuzi anaona bei moja inayofanana na ile ya msambazaji wa Ulaya. Yeye anabaki na forodha yake, VAT na kushusha.

Tatizo ni kwamba forodha hiyo iko katikati ya safari yangu. Wakala wake akichelewa kutoa tamko, mzigo unalala ghalani na mita inahesabu. Kanuni inasema akishindwa kazi yake ya forodha, hatari na gharama za ucheleweshaji ni zake, lakini ankara ya ghala inaletwa kwa aliyeajiri msafirishaji, yaani mimi, na kumdai mtu aliye Hamburg ukiwa Kisumu si kazi ya mchezo. Mimi hutoa DAP kwa mnunuzi wa mara ya tatu kwenda juu, mwenye wakala ninayemjua kwa barua pepe.

Nyaraka, na nani anazihitaji

Ankara ya biashara na orodha ya upakiaji ninaandika mwenyewe. Ankara ibebe sharti zima, si kifupi peke yake, hivi:

```
CIP Hamburg (delivery to carrier: CFS Mombasa), Incoterms 2020
```

Forodha ya Ulaya hutoza ushuru kwa thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima hadi mpaka wa Umoja wa Ulaya. Kwa FCA, mnunuzi ataongeza nauli aliyolipa mwenyewe. Kwa DAP, tenga kwenye ankara gharama ya lori la ndani ya Ujerumani, isihesabiwe ushuru.

EUR.1 ni cheti cha uasili kinachotolewa na KRA. Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na kwa cheti hicho jiwe lililochimbwa na kuchongwa Kisii linaingia bila ushuru wa forodha. VAT hailegezwi nacho, wanunuzi huchanganya. Kwa mzigo huu VAT inakaribia dola 1,350.

Kreti za mbao hazihitaji cheti cha karatasi, zinahitaji muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kutibu mbao za kufungia mizigo: alama ya suke la ngano, herufi KE, namba ya mtibu mbao na herufi HT, maana yake mbao zilipashwa joto hadi nyuzi 56 katikati kwa dakika 30. Muhuri uwe pande mbili zinazokabiliana. Mbao za Kisii zisizo na muhuri, hata ubao mmoja wa kukazia chini, zinaweza kuuzuia mzigo wote. Majani makavu ya migomba kama kijazio ndani ya kreti pia ni kujitafutia swali kwa maafisa wa afya ya mimea, tumia karatasi.

Hati ya shehena ndiyo ya kukaguliwa kwa jicho kali, ikiwa bado rasimu. Kwa CIP iandikwe FREIGHT PREPAID. Kwa FCA, FREIGHT COLLECT. Uzito nao ulingane kila mahali. Mizani ya CFS ikisoma kilo 2,610 na orodha yangu inasema 2,580, narekebisha orodha na maombi ya EUR.1 kabla ya kukubali rasimu, maana baada ya meli kuondoka marekebisho hulipiwa. Maelezo ya bidhaa yasiwe "zawadi" au "kazi za mikono". Mfumo wa usalama wa forodha ya Ulaya unataka maelezo kamili, namba ya bidhaa ya tarakimu 6 (hapa 680299, itakayothibitishwa na wakala wake), na namba ya EORI, yaani namba ya usajili ya mwagizaji kwenye forodha ya Ulaya, tena kabla kontena halijapakiwa melini Mombasa.

Barua yenyewe

> Kuhusu: Bei ya kreti 6 za mawe ya Tabaka – chagua FCA au CIP
>
> Habari za huko, dada. Natumai biashara inasonga.
>
> Mzigo wako umepimwa: kreti 6, tani 2.58, mita za ujazo 2.27. Nauli itatozwa kwa tani. Nakupa bei mbili, uchague moja kabla sijakodi lori.
>
> Ya kwanza, dola 5,950, FCA Mombasa. Ninaleta kreti hadi CFS atakayoitaja wakala wako, forodha ya Kenya na EUR.1 zikiwa zimekamilika. Kuanzia kushusha kwenye lori, gharama zote na hatari ni zako: CFS, bandari, nauli, bima na Hamburg. Salio la asilimia 60 nitaliomba nikikutumia picha na tiketi ya mizani, kabla ya kukabidhi.
>
> Ya pili, dola 6,380, CIP Hamburg. Ninalipa hadi mzigo ufike Hamburg, pamoja na bima ya vifungu A ya dola 7,018 kwa jina lako. Bima ya vita haimo. Ukiitaka niambie, nitakuletea bei yake. Tafadhali elewa vizuri hapa: nauli nimelipa mimi, lakini tangu kreti zikabidhiwe CFS Mombasa, hatari ni yako, na kukiwa na hasara wewe ndiwe utakayedai kwa kampuni ya bima. Nitakupa cheti na picha zote za ufungaji. Salio utalipa ukiona nakala ya hati ya shehena. Hati asili nitaziachilia pesa ikiingia.
>
> Bei ya pili haijumuishi gharama za Hamburg. Mkusanyaji ameniandikia dola 420 za bandari, ghala na makaratasi. Orodha yake nimeiambatisha. Ongeza wakala wako wa forodha, lori la kukufikishia, na VAT ya asilimia 19. Ushuru wa forodha hautakuwepo kwa kuwa tuna EUR.1.
>
> Kabla hujachagua, mwonyeshe wakala wako namba hizi na umwombe bei yake ya jumla kutoka CFS Mombasa hadi dukani. Usilinganishe nauli kwa nauli. Linganisha jumla kwa jumla.
>
> Kutoka kwako nahitaji namba ya EORI, jina na anwani kama zilivyo kwenye usajili wako, na uthibitisho wa namba ya bidhaa 680299. Nikizikosa, kontena halitapakiwa.
>
> Utapokea: ankara, orodha ya upakiaji, EUR.1, na kwa CIP hati ya shehena na cheti cha bima. Kreti zina muhuri wa ISPM 15.
>
> Kreti zikifika, kagua mbele ya dereva. Ukiona ufa, andika kwenye karatasi yake ya kupokelea kabla ya kusaini, na unijulishe siku hiyo hiyo.
>
> Bei zote mbili ni za siku 14, kwa sababu ya nauli.
>
> Wako katika biashara, Kisumu

DAP sikuitia kwenye barua hii kwa makusudi. Ni oda yake ya kwanza, na ukimwonyesha mtu bei ya mlangoni hataziangalia zile nyingine.

Ningemshauri achukue ipi?

Huyu ana wakala Hamburg, kwa hiyo FCA, hata kama tofauti ni dola 115 tu. Akiagiza mara ya pili wakala atamuunganishia na mizigo mingine. Asingekuwa naye, ningemwelekeza CIP, orodha ya Hamburg ikiwa mkononi.

Hesabu hii yote inabadilika mzigo ukiwa mdogo. Wakusanyaji hutoza angalau kipimo kimoja hata kwa kreti ya kilo 200, na sehemu kubwa ya makaratasi ya Hamburg haipungui kwa kuwa mzigo ni mdogo. Kwa sampuli za kilo 40 au 60, achana na meli kabisa: omba bei ya kampuni ya vifurushi hadi mlangoni, iandike kama DAP, na kwenye hati ya ndege chagua kwamba kodi za kuingiza zinalipwa na mpokeaji. Kisanduku hicho kikiachwa wazi au kikitiwa alama kwa muuzaji, ankara ya VAT itakurudia Kisumu wiki chache baadaye.